Dogo anawafunga wazee bao ila darasani 8+5 anaandika 12. Walimu na wacheza bao, nipeni njia

Ticha wa Uyui (mwanzisha uzi)

Wakuu salama. Nafundisha darasa la tatu shule moja ya kijijini Uyui, Tabora. Kuna jambo limenikaa kichwani muda sasa.

Nina mwanafunzi ambaye jioni anakaa chini ya mwembe na wazee wanacheza bao, na sio kwamba anaangalia, anacheza na anawafunga. Anainua kete za shimo moja na kabla hajaanza kugawa jicho lake lishaenda kwenye shimo ambalo kete ya mwisho itaangukia. Nimekaa pembeni nikamuangalia, hakosei. Sasa huyo huyo darasani nikimpa 8+5 anaandika 12, nikimpa 6+3 anaandika 8. Na sio yeye peke yake, wako kama watano hivi wa aina hiyo, wote wa kijiweni kwa wazee.

Nataka nilitumie bao kwenye kipindi cha Hisabati. Watoto ni zaidi ya themanini, kipindi dakika 40, madawati hayatoshi wengine wanakaa chini. Naomba mnisaidie nitumie sheria zipi, kete nitoe wapi, na pia mnieleze kwanini akili ile ikifika kwenye daftari inagoma.

Kapera wa Sikonge

Mkuu mi naona jibu ni rahisi tu, huyo mtoto hahesabu. Wacheza bao wengi hawahesabu, wanaona sura. Mtu aliyezoea akiona shimo lenye kete tano anajua mkono unafika pale, kama dereva wa bodaboda anavyojua kona bila kuhesabu mita. Ndo maana kwenye daftari hana kitu cha kushika. Hilo bao lako litaongeza wacheza bao, hesabu sina uhakika.

mgebuka mbichi

Kama unatafuta bao zuri njoo Kigoma mjini, kuna fundi anachonga la mninga safi kabisa mashimo yamesuguliwa mpaka yanateleza, nikuunganishe nae? Ila la mninga sio la bei ndogo mkuu.

Reli ya Kati

@mgebuka mbichi soma uzi ndugu yangu, kaomba sheria za mchezo na namna ya kufundishia, we unamuuzia mbao 😂 Watoto themanini atawanunulia mabao arobaini ya mninga kwa mshahara upi?

mgebuka mbichi

Sawa nimeelewa sasa, ila ofa ya fundi iko palepale.

Chilumba Junior

Sheria sio ngumu ticha. Bao lina mistari minne kila mstari mashimo manane, jumla 32 kwako na kwa mwenzako. Kete 64, kila mtu 32. Mnaweka mbilimbili kila shimo, mnaanza kula. Ndo bao hilo, chora chini na chaki waanze.

Mzee wa Namua

@Chilumba Junior idadi umepatia: kete 64, mashimo 32 yote kwa pamoja, yani kumi na sita kila upande. Ila hiyo ya kuweka mbilimbili ndo bao la kujifunza, wanapewa wanaoanza. Bao lenyewe la kiswahili haliwi hivyo. Mnaanza na kete kumi tu ubaoni kwa kila mtu, sita zinakaa kwenye shimo linaloitwa nyumba, halafu mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, na 22 zinabaki mkononi. Unaingiza moja moja kila zamu, hiyo ndo namua. Zikiisha mkononi ndo mnaingia mtaji, yani kucheza na zilizo ubaoni tu.

Sasa ticha, nakushauri kama mtu aliyelelewa kwenye bao, usipeleke hilo lote darasani. Na sio kwa sababu watoto hawawezi. Shida ni kuendelea. Kwenye bao kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unazizoa zote unaendelea kugawa, mpaka siku uangukie shimo tupu ndo unalala. Zamu moja inaweza kuzunguka mara mbili tatu. Mtoto anayejifunza kujumlisha akishaanza kuzoa mara ya pili hawezi tena kukuambia alianza na ngapi, wewe mwalimu pia huwezi kumkagua. Kwa darasa ondoa kuendelea. Anainua, anagawa, anaishia pale. Hapo ndo unaweza kumuuliza "utaishia wapi" na ukajua kapatia au kakosea.

Ticha wa Uyui

Asante sana mzee. Hiyo ya kuondoa kuendelea imeniingia. Vipi hao wanaojua bao tayari, hawatachoka?

Bi Mstaafu Ujiji

Habari zenu wanangu. Nimefundisha la kwanza na la pili miaka mingi. Nataka turudi kwenye majibu ya huyo mtoto mana mmeyapita haraka.

8+5 kaandika 12. 6+3 kaandika 8. Angalieni vizuri, kila mara kapungukiwa moja. Mtoto asiyejua kujumlisha hakosei kwa mpangilio hivyo, angeandika 12 hapa, 10 pale, 85 kule. Huyu anahesabu, ila anaanza na pale aliposimama. Anasema nane, anakunja kidole cha kwanza, tisa cha pili, kumi cha tatu, kumi na moja cha nne, kumi na mbili cha tano, vidole vitano vimeisha anaandika 12. Ile nane yenyewe kaihesabia kidole wakati nane tayari anayo.

Ticha usimuulize jibu, muangalie kidole. Mwambie ajumlishe kwa sauti mbele yako. Kidole cha kwanza kikikunjwa kwenye "nane" ugonjwa ni huo. Kikikunjwa kwenye "tisa" basi mimi nimekosea na tutafute kingine.

Kapera wa Sikonge

Bi mkubwa hapo umenipa kitu. Lakini sasa si ndo inazidi kushangaza, kwenye bao hakosei! Akiinua kete tano shimoni kwake anaanza kuweka shimo linalofuata, haweki moja kule alikotoa. Kwahiyo mkono unajua kuanza na linalofuata na kidole hakijui? Ndo nasema anaona sura, hahesabu.

Mzee wa Namua

@Kapera wa Sikonge ngoja. Kwenye bao kuna kuanza kwa aina mbili, na kila mcheza bao anazifanya bila kufikiri.

Ukiinua kete za shimo lako mwenyewe, kete ya kwanza inakwenda shimo linalofuata. Shimo ulilotoa linabaki tupu. Ila ukila kete za mwenzio, hizo unazipeleka kichwani, shimo la mwisho la mstari wako wa mbele, na kete ya kwanza inaingia hapohapo kichwani. Kwahiyo ukila tano ukaanzia kichwa cha kushoto, ya mwisho inaangukia shimo la tano ukihesabu na kichwa chenyewe. Ukiinua tano zilizokuwa kichwani, ya mwisho inaangukia shimo la sita.

Sasa nafikiri huyo dogo kwenye daftari anafanya hesabu ya kula. Nane kwake ni kichwa, anaanza kuweka hapo. Mwalimu hajamwambia kama hiyo nane ni shimo alilotoa au ni shimo analoanzia. Nahisi hivyo, siwezi kuapa.

Bi Mstaafu Ujiji

Mzee hilo ni zuri na sijawahi kulifikiria. Ila mimi nimewaona watoto wasiojua bao kabisa, wa mjini, wanakosea vilevile pungufu moja. Hao kichwa hawakijui. Kwahiyo bao linaweza kuchangia kwa huyo wako lakini sio mama wa tatizo.

Reli ya Kati

Mi nadhani mnamtafuta mchawi mbali. Watoto wa siku hizi jedwali wanakariri tangu la kwanza, akisahau anabahatisha.

Bi Mstaafu Ujiji

Anayebahatisha hawezi kukosea kwa moja kila mara mwanangu.

Fundi Namba Kasulu

Nafundisha Hisabati sekondari huku Kasulu. Nimesoma uzi wote na nakubali kwamba kugawa mara moja bila kuendelea ndo njia. Naongezea mchezo mmoja wa mtu mmoja, hauhitaji mpinzani, unaanza na kete tatu tu na ndani yake kuna kujumlisha na mbinu pia. Nimeutumia kwa kidato cha kwanza ila wa la tatu wanauweza.

Chora miduara sita kwa mstari mmoja, mwisho wa mstari upande wa kulia weka ghala, hata kifuniko cha ndoo. Mashimo yapewe namba kuanzia ghalani. Lililo jirani na ghala ni la 1, linalofuata la 2, mpaka la 6. Sheria ni moja: unainua shimo zima, unagawa moja moja kuelekea ghalani, na kete ya mwisho lazima iingie ghalani yenyewe. Isipofika huruhusiwi kulicheza. Ikipitiliza pia huruhusiwi. Lengo ni kuingiza kete zote ghalani.

Mtoto atagundua mwenyewe kwamba shimo linachezeka pale tu idadi ya kete inapolingana na namba ya shimo. La 3 linataka kete tatu kamili. Hapo utaona anayehesabu shimo analotoa, mana ataiweka kete ya kwanza palepale na ya mwisho haitafika ghalani. Mchezo unamwambia kakosea kabla yako.

Anza na kete tatu: moja shimo la 1, mbili shimo la 2. Yote mawili yanachezeka. Wengi wanakimbilia la 2 kwa sababu lina nyingi. Anainua mbili, moja inaingia shimo la 1, nyingine ghalani. Sasa shimo la 1 lina kete mbili, na linataka moja tu. Kakwama. Mwache akwame. Halafu arudie aanze na la 1: ile moja inaingia ghalani. Kisha la 2: moja inaenda la 1, moja ghalani. Kisha la 1 tena. Zimeisha.

Mbinu nzima iko hapo. Mashimo mawili yakiwa tayari, unacheza lililo karibu zaidi na ghala kwanza, mana ukianza na la mbali litalijaza la karibu na likishapita kiasi halichezeki tena milele. Usiwaambie. Waulize kwanini wamekwama, kuna mtoto atalisema kwa maneno yake.

Chilumba Junior

Hiyo nimejaribu hapa ofisini na vijiti vya kiberiti, kweli nimekwama ya kwanza 😅 ya kete nne inapangwaje?

Fundi Namba Kasulu

Kete nne: shimo la 1 tupu, la 2 moja, la 3 tatu. Huna pengine pa kuanzia isipokuwa la 3. Tatu zinagawanyika moja la 2, moja la 1, moja ghalani. Sasa la 1 lina moja na la 2 lina mbili, yani umerudi kwenye ule wa kete tatu ambao unaujua.

Na kuna njia ya mwalimu kutengeneza mipangilio bila kukariri. Unacheza kinyumenyume. Chukua kete moja ghalani, tafuta shimo tupu lililo karibu zaidi na ghala, njiani chukua moja kwenye kila shimo unalolipita, zote ziweke kwenye hilo tupu. Kutoka ule wa tatu: moja ya ghalani, moja ya shimo la 1, moja ya shimo la 2, jumla tatu zinaingia la 3. Ndo huo wa nne. Endelea hivyo unapata wa tano, wa sita, mpaka wa kumi na mbili ambao ndo wa kwanza kufika shimo la 6.

Bwana Kete Tabora Mjini

Samahanini wadau lakini hilo sio bao. Bao halina ghala. Bao lina mistari minne, lina nyumba, lina kula. Mnachofanya ni kuchukua jina la mchezo wa wazee wetu mnalibandika kwenye mchezo wa miduara sita. Mtoto atatoka hapo anadhani anajua bao.

Fundi Namba Kasulu

@Bwana Kete Tabora Mjini nakubali sio bao, na kwangu siuiti bao, nauita mchezo wa ghala. Ticha aliomba somo la kuhesabu ndani ya dakika 40 kwa watoto themanini. Bao lenyewe kwa mtu anayeanza kulielewa vizuri ni jioni nyingi.

Bwana Kete Tabora Mjini

Basi libaki jina hilo na watoto waambiwe ukweli. Ila bado nasema mkiondoa kula mmeondoa akili yote ya bao. Mbinu ya bao iko kwa mpinzani. Unajiuliza nikicheza hapa yeye atakula wapi. Mchezo wa mtu mmoja hauna hofu hiyo.

Mzee wa Namua

Hapo Bwana Kete kasema kweli. Mi ningeweka hatua ya pili kwa waliomaliza: mistari miwili badala ya minne, kila mmoja na mashimo sita, kete tatu kila shimo. Unagawa upande wako tu unazunguka hapohapo kwako, bila kuendelea. Ikiangukia shimo lako lenye kete na mbele yake kwa mwenzio kuna kete, umezila, unazitoa nje unazihifadhi. Zamu fupi, na mtoto anaanza kuangalia ng'ambo kabla hajainua. Wasio tayari wabaki na ghala.

Mama Wawili Kibondo

Mi sio mwalimu lakini nina la kusema. Sisi wakati wa utoto wasichana tulifukuzwa kwenye bao la wazee, ukikaribia unaambiwa nenda kachote maji. Tukachimba vishimo vyetu nyuma ya jiko tunacheza na mbegu. Sasa ticha ukiingiza bao darasani waangalie hao watano wako wa kijiweni, nina uhakika wote ni wavulana. Ukiwapanga kwa makundi ya watu wanne watano, wao watashika kete mwanzo mwisho na wasichana watakuwa wanaangalia. Hiyo ya ghala ya mtu mmoja mmoja mi nimeipenda kwa sababu hiyo, kila mtoto ana kete zake.

Ticha wa Uyui

@Mama Wawili Kibondo ni kweli kabisa, wote ni wavulana. Nimeichukua hiyo.

Sasa kete. Nilifikiria mahindi au maharage.

mgebuka mbichi

Maharage ya Kigoma usichezee ticha, yale ni ya kula 😂 Ila serious, panya. Jirani yangu mwalimu aliweka maharage kwenye boksi ofisini, baada ya wikendi alikuta boksi lina tundu na maganda.

Bi Mstaafu Ujiji

Na wadogo wanaingiza puani. Harage likilowa linavimba, kulitoa ni shughuli ya zahanati. Mahindi wanatafuna, hasa vipindi vya kuelekea mchana. Tumia vizibo vya soda au mbegu za ukwaju. Za ukwaju ni ngumu, zinateleza vizuri mkononi na haziharibiki, ila kwa la kwanza na la pili hata hizo usiwape, wape vizibo.

Reli ya Kati

Vizibo kreti moja ya soda chupa 24. Watoto 80 kila mmoja kete sita ni 480, hapo unaongelea vizibo vya kreti ishirini. Mwenye duka lolote karibu na stendi anakukusanyia siku chache, anavitupa tu.

Chilumba Junior

Mashimo je? Trei za mayai! Nimeangalia hapa, trei ina safu tano za mashimo sita sita. Kata kila safu, ni mchezo wa ghala wa mtoto mmoja. Trei moja watoto watano, themanini ni trei 16. Wauza chipsi wanazo za kumwaga.

Fundi Namba Kasulu

@Chilumba Junior hiyo safi sana, sita sita inaingia kama ilivyo. Angalizo moja, kizibo kwenye shimo la trei vikifika vitano sita vinapandana na mtoto hawezi kuona idadi kwa macho. Kwenye trei mbegu za ukwaju ni bora, vizibo viende na miduara ya chaki sakafuni.

Kapera wa Sikonge

Wazazi je? Kijijini kwetu ukimwambia mzee mwanao leo kacheza bao shuleni atauliza kama ada ya kumfundisha uvivu inalipwa wapi. Na wengine watasema kamari.

Bwana Kete Tabora Mjini

Mwambie Mwalimu Nyerere alikuwa mcheza bao, na kasoma hapahapa Tabora, akafundisha St. Mary's hapahapa. Mzee gani wa Unyamwezi atakuja kubishana na hilo.

Kapera wa Sikonge

Watabisha mkuu, huwajui wa kwetu.

Bi Mstaafu Ujiji

Kwenye andalio la somo andika umahiri unaojenga, kujumlisha kwa kuhesabu kuendelea, na zana ni kete na trei. Usianze na neno bao kwenye kichwa cha somo. Mwalimu mkuu akija anakuta watoto wanaandika, sio wanapiga kelele. Na waandike kweli, kila akimaliza kugawa shimo moja mtoto aandike sentensi ya hesabu, 1+2=3, kete zilizobaki na zilizo ghalani. Bila daftari utabaki na mchezo mzuri na 8+5 itabaki 12.

Ticha wa Uyui

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimefanya kwa nusu ya darasa kwanza, miduara ya chaki na vizibo, wengine wakawa na kazi ya kuandika.

Kete tatu: karibu wote wameanza na shimo la 2 wakakwama, kama alivyosema Fundi Namba. Kuna binti mmoja anakaa nyuma hajawahi kunyoosha mkono, ndo wa kwanza kusema "teacher hili la karibu linashiba". Nikaliacha neno lake ubaoni, darasa zima likawa linasema "usilishibishe". Kete nne wamepita. Kete tano wamepita. Sita, ule wa mbili shimo la 3 na nne shimo la 4, wengi wamechoka nao. Wanacheza la 4, la 1, halafu wanasita mana sasa la 3 lina tatu na wameshasahau kwamba linachezeka. Wachache wamemaliza.

Dogo wa bao sasa. Kwenye miduara hakukosea hata mara moja. Nikamwita pembeni nikafanya alivyosema Bi Mstaafu, nikamwambia jumlisha 8+5 kwa sauti. Kidole cha kwanza kakikunja kwenye "nane". Nikamchorea miduara kumi na tano yenye namba, nikamwambia umeinua kete tano shimo la nane, ya mwisho iko wapi? Kajibu kumi na tatu papo hapo. Nikafuta miduara, nikaandika 8+5 ubaoni. Kumi na mbili.

Bi Mstaafu Ujiji

Asante kwa kufanya kipimo. Sasa unajua pa kupita. Mpe miduara yenye namba wiki nzima, kisha futa namba bakiza miduara, kisha futa miduara bakiza mstari. Usiruke kutoka mduara mpaka maandishi matupu.

Mzee wa Namua

Umemwambia "umeinua" akaenda shimo linalofuata. Jaribu siku nyingine umwambie "umekula kete tano unaanzia shimo la nane". Akijibu kumi na mbili, basi hilo 12 lake la daftarini ni la kula kama nilivyosema.

Kapera wa Sikonge

Au akijibu kumi na mbili ni kwa sababu umemuuliza hivyo na anajua sheria, haithibitishi kwamba daftarini anafikiria kula. Mi bado nasema alama ya + haina shimo, haoni sura yoyote pale.

Mzee wa Namua

Inawezekana pia. Ticha muulize yeye mwenyewe, hiyo nane anaihesabu ya nini. Watoto wakiulizwa kwa utulivu wanasema.

Ticha wa Uyui

Nilimuuliza mzee. Kasema "nane ndo ya kwanza".

Mzee wa Namua

Kichwani hapo.

Bi Mstaafu Ujiji

Au kwenye kidole tu. Watoto wangu wa mjini wangejibu vilevile.

Nyarugusu Jirani

Niko karibu na kambi ya wakimbizi. Wakongo na Warundi humu wanacheza mchezo wa mistari minne kama wetu ila sheria za kula zina tofauti, na Rwanda wana igisoro. Watoto wakichanganyika darasani msishangae wakigombana kuhusu sheria. Ghala ni jipya kwa wote, hapo hakuna wa kusema kwetu hatuchezi hivyo.

Chilumba Junior

Fundi Namba, kwa kete saba nimepata moja shimo la 1, la 2 tupu, mbili la 3, nne la 4. Imekubali yote mpaka ghalani. Sasa natafuta mpangilio mwingine wa kete saba unaomalizika, nimejaza karatasi mbili sijaupata. Upo?

Fundi Namba Kasulu

Huo wako ni sahihi. Kuhusu mwingine, sikujibu 😊 Jaribu kucheza kinyumenyume kutoka ghalani na uangalie kama kuna mahali popote unapata kuchagua kati ya mashimo mawili. Ticha, hilo wape na wale wachache waliomaliza kete sita.

Chilumba Junior

Nikirudisha kwenye shimo tupu la mbali badala ya la karibu inakuwaje?

Fundi Namba Kasulu

Fanya halafu icheze kwenda mbele. Ukifika kwenye shimo ulilolipita likiwa tupu, angalia ulichukua nini pale.

Reli ya Kati

Ticha, vizibo nimeshakusanya kama nusu gunia hapa stendi, vimeoshwa. Kuna gari linakuja huko upande wako Jumamosi asubuhi, nitumie jina la kituo unachoshukia.